Udenda, magamba na vipele vyeupe: njia tatu za kusafisha picha ya mtoto mchanga bila kumgeuza mwanasesere

Ukifungua picha ya kichanga kwenye skrini kubwa, yapo mambo matatu yanayokimbilia jicho kabla hujauona uso wenyewe. Kuna udenda unaong'aa kutoka pembe ya mdomo hadi kidevuni. Kuna magamba ya manjano yaliyoshika kwenye nywele, hasa kuzunguka utosi na juu ya nyusi. Halafu kuna vipele vyeupe vidogo vya puani na mashavuni, ambavyo wengi huviita vipele vya maziwa. Kuviondoa si kazi ngumu. Kazi ni kuviondoa huku mtoto akibaki na umri wake, kwa sababu ngozi ya mtoto wa wiki tatu ikisuguliwa kidogo tu kupita kiasi, picha inaonyesha mwanasesere wa plastiki.

Hapa tunalinganisha njia tatu ambazo watu huishia kuzichagua: Healing ya Snapseed kwenye simu, kazi ya mkono kwa Healing Brush na Clone Stamp kwenye Photoshop, na mbinu ya kutenganisha rangi na chembe za ngozi katika leya mbili.

Kwanza, nini kinaondoka na nini kinabaki

Kipimo kinachosaidia ni hiki: cha kupita kinaweza kuondoka, cha mtoto kinabaki. Udenda na maziwa yaliyokauka ni vya dakika ile tu. Vipele vyeupe ni keratini iliyonaswa chini ya ngozi, na huisha vyenyewe ndani ya wiki chache. Magamba ya kichwani yanaweza kukaa miezi, lakini nayo huisha bila kuacha alama.

Vinavyobaki ni vingi kuliko wanaoanza wanavyodhani. Malaika, vile vinywele laini vya kwenye paji la uso, mabega na ncha za masikio, wanabaki. Lengelenge dogo la kunyonya katikati ya mdomo wa juu, mikunjo chini ya macho, kope zilizovimba, wekundu usio sawa, ngozi inayobambuka vidoleni: vyote hivyo ndivyo vinavyomwambia mtazamaji kwamba huyu amezaliwa juzi. Alama ya kuzaliwa na madoa ya kibuluu ya mgongoni haziguswi mpaka wazazi waseme wenyewe. Wanja wa nyusi, doa la wanja kwenye paji la uso na uzi mweusi wa mkononi viliwekwa na watu wa nyumbani kwa makusudi. Hapo zana za kujiendesha ni za kuangaliwa kwa makini, maana kwa zana hizo doa la wanja ni uchafu kama uchafu mwingine.

Vigezo vya kulinganisha

Vigezo vyetu ni vinne. Je, njia inaacha chembe za ngozi, yaani vitundu, malaika na mistari midogo? Je, inaheshimu mipaka, hasa ukingo wa mdomo na mwelekeo wa nywele? Je, unaweza kurudi nyuma na kupunguza ulichofanya, au kilichofutwa kimefutwa? Na mwisho, inachukua muda gani, kwa kifaa gani?

Ili ulinganisho uwe wa haki, tuchukue picha moja ya mfano. Mtoto wa wiki sita amelazwa juu ya kanga, mwanga wa dirisha unatoka upande wake wa kushoto. Faili ina pikseli 6000 kwa 4000, na uso umechukua upana wa pikseli 1800 hivi. Kwa kuwa uso wa mtoto wa umri huo una upana wa sentimita 9 hivi, kila milimita ya ngozi ni takriban pikseli 20. Kipele cheupe cha milimita 1 hadi 2 kwa hiyo ni duara la pikseli 20 hadi 40. Weka hesabu hiyo karibu, tutairudia.

Njia ya kwanza: Snapseed kwenye simu

Ni programu ya bure, na zana yenyewe inaitwa Healing. Unagusa doa, programu inatafuta yenyewe kipande cha ngozi kilicho karibu na kukibandika. Chanzo huchagui wewe, na hapo ndipo nguvu yake na udhaifu wake vinapokaa.

Kwa vipele vyeupe inafanya kazi vizuri kabisa. Siri iko kwenye kukuza picha: kadiri unavyoivuta karibu, ndivyo brashi inavyokuwa ndogo kwenye ngozi. Vuta mpaka brashi ikifunike kipele na kukizidi kidogo tu, kisha gusa mara moja bila kuburuta. Ukiburuta kwenye pua utafuta vipele vitano kwa mkupuo, pamoja na ule mng'ao mdogo unaoipa pua umbo lake. Kikitokea kiraka, rudi nyuma kwa mshale na uguse tena, mara nyingi programu itachagua chanzo kingine.

Udenda ni habari nyingine. Sehemu ya kidevuni inatoka, mradi uende kwa vipande vifupi kutoka chini kwenda juu. Ukifika pembe ya mdomo, simama. Healing inachanganya rangi ya kipande kipya na rangi zinazokizunguka, na pembe ya mdomo ina wekundu upande mmoja na ngozi upande wa pili, kwa hiyo rangi ya mdomo inavuja na mtoto anaonekana kama aliyepakwa rangi ikamponyoka. Ni afadhali kuacha milimita mbili za unyevu mdomoni. Unyevu mdomoni mwa mtoto ni jambo la kawaida, haumshtui mtu.

Magamba kwenye nywele ndiyo yanayoishinda njia hii. Kila unapogusa, programu inaleta kipande cha nywele zinazoelekea kwingine, na ukishagusa mara kumi kichwa kina mabaka. Gamba moja moja lililo kwenye paji la uso, sawa. Lile tandiko la utosini, liache.

Kuhusu kurudi nyuma, programu inaweka hatua zako ndani ya View edits na unaweza kufuta hatua nzima au kuipaka maski. Lakini miguso yote ya Healing uliyofanya kwa mara moja ni hatua moja, kwa hiyo fanya pua, thibitisha, kisha fungua Healing upya kwa kidevu. Kazi yote haizidi dakika tano. Inamfaa mzazi anayetaka kuwatumia ndugu picha, au mpiga picha anayetaka kuonyesha sampuli siku hiyohiyo.

Njia ya pili: Healing Brush na Clone Stamp kwa mkono

Hapa tutakaa zaidi, kwa kuwa ndiyo njia inayotatua matatizo yote matatu, na pia ndiyo inayofanywa vibaya kwa urahisi.

Anza kwa kuunda leya tatu tupu juu ya picha na kuzipa majina: Vipele, Udenda, Magamba. Kwenye Healing Brush na Clone Stamp, weka Sample kuwa Current & Below. Sasa kila unachofanya kinakaa kwenye leya yake, picha ya asili haijaguswa, na unaweza kupunguza Opacity ya kila tatizo peke yake. Anayetumia GIMP ana Heal na Clone zinazofanana na hizi, bure, ila kwa Heal ni salama zaidi kunakili leya ya picha kuliko kufanyia kazi leya tupu.

Vipele kwanza, maana ni vyepesi. Chukua Healing Brush yenye ukubwa unaozidi kipele kidogo, yaani pikseli 30 hadi 50 kwenye picha yetu ya mfano, Hardness karibu 70. Bonyeza Alt kwenye ngozi iliyo karibu inayopata mwanga uleule, kisha gusa kipele. Mkosaji mkuu hapa ni chanzo: ngozi ya shavu ina chembe tofauti na ngozi ya pua, na ukichukua shavuni ukabandika puani, kiraka kinaonekana laini hata kama rangi imelingana. Puani chukua puani. Ukimaliza, shusha Opacity ya leya hadi 80 hivi na uangalie. Mara nyingi vipele vilivyofifia vinapendeza kuliko pua isiyo na kitu, na mama anayekumbuka ile pua yenye nukta nyeupe ataitambua.

Udenda una sehemu tatu, na ukizitazama kama kitu kimoja utahangaika. Kuna mng'ao mweupe kabisa katikati ya uzi wa mate. Kuna ukingo mkali wa uzi huo. Na chini yake kuna ngozi iliyolowa, ambayo ni nyeusi na nzito kidogo kuliko ngozi kavu iliyo jirani. Ule mng'ao mweupe kabisa hauna taarifa yoyote ndani yake. Ukijaribu kuushusha kwa Highlights utapata kijivu. Lazima ngozi nyingine iletwe mahali pake.

Kidevuni tumia Healing Brush kama ulivyofanya kwa vipele. Karibu na mdomo, chora kwanza eneo kwa Lasso: mstari ufuate ukingo wa mdomo sawasawa, upande wa ngozi uwe mpana kuliko udenda. Ndani ya eneo hilo Healing Brush haioni wekundu wa mdomo, kwa hiyo hauvuji. Pale pembeni kabisa, ambapo mdomo unakunjika na kuwa kivuli, badili kwa Clone Stamp yenye Opacity 30 hadi 40 na Hardness ya chini, upite mara mbili tatu. Mwisho ni ngozi iliyolowa. Watu wengi huisahau, na ndiyo sababu picha nyingi zilizosafishwa bado zina njia nyeusi kidevuni bila udenda. Leya ya Curves iliyoinuliwa kidogo sana, maski nyeusi, brashi nyeupe laini ya Flow 5 hadi 10, na unapaka juu ya ile njia mpaka ilingane na jirani yake.

Magamba yanahitaji ujanja mmoja unaopaswa kueleweka vizuri. Kwenye nywele nyeusi za kichanga, gamba ni jeupe kuliko kila kilicho karibu nalo. Kwa hiyo tunataka zana inayobadilisha vyeupe tu na kuacha vyeusi. Badili hali ya leya ya Magamba yenyewe kutoka Normal kuwa Darken, kisha tumia Clone Stamp ya kawaida. Usiweke Darken kwenye Mode ya brashi, kwani kwenye leya tupu brashi haina cha kulinganisha nacho na itabandika kila kitu. Leya ikiwa ndiyo yenye Darken, unywele mweusi uliopita juu ya gamba unabaki ulipo, na gamba pekee ndilo linalofunikwa. Chukua chanzo kwenye nywele zinazoelekea upande uleule, tumia brashi nyembamba ya pikseli 15 hadi 25, na uivute kufuata unywele, usiukate. Badilisha chanzo kila baada ya mivuto michache. Usipobadilisha utaona vinywele viwili pacha vyenye pindo lilelile, na jicho la mtu asiyejua kuedit litavikamata kabla ya lako.

Ujanja huu una mpaka. Mtoto mwenye nywele nyepesi na kichwa cheupe, magamba yake yanaweza kuwa meusi kuliko ngozi inayoyazunguka, na hapo leya inapaswa kuwa Lighten.

Sasa utosi. Pale kati ya mifupa kuna bonde la kina kifupi, na mwanga wa dirisha unaweka kivuli laini upande mmoja wake. Magamba hukaa papo hapo, kwa kuwa watu wengi huogopa kusugua utosi wakati wa kuogesha. Ukisafisha bila kutazama, kivuli kinaondoka na magamba, na kichwa kinakuwa mviringo kama mpira. Kabla ya kuanza, tazama picha ikiwa ndogo na uone kivuli kiko wapi. Chanzo cha upande wa kivuli kibaki upande wa kivuli. Ukimaliza, zima na uwashe leya ya Magamba kwa kubonyeza jicho lake huku picha ikiwa ndogo vilevile: umbo la kichwa lisicheze.

Picha yetu ya mfano ingechukua nusu saa hivi kwa mtu aliyezoea. Inamfaa mpiga picha anayechapa picha moja au tano kwa familia moja. Haimfai anayetaka kusafisha picha sitini usiku mmoja, kwani akichoka ataanza kuburuta.

Njia ya tatu: kutenganisha rangi na chembe

Hapa unanakili picha mara mbili. Nakala ya chini inapewa Gaussian Blur na kubeba rangi na mwanga. Ya juu inabeba chembe tu. Kwa faili ya biti 8, ukiwa kwenye leya ya juu, mipangilio ya Image > Apply Image ni hii:

```
Layer: (leya ya chini)
Blending: Subtract
Scale: 2
Offset: 128
```

Kisha leya ya juu inawekwa Linear Light, na picha inarudi kama ilivyokuwa. Ikiwa haikurudi hivyo, kuna kosa kwenye namba, usiendelee. Kipimo cha Gaussian Blur kinategemea ukubwa wa uso: ongeza mpaka malaika na vitundu vipotee huku macho na pua bado vinatambulika, kisha usiongeze tena. Kwa uso wa pikseli 1800, mara nyingi ni 6 hadi 8.

Njia hii inasifiwa sana kwa picha za maharusi, ndiyo maana wengi huileta kwa vichanga bila kuuliza. Rudi kwenye ile hesabu. Kipele ni duara la pikseli 20 hadi 40, blur ni ya 6 hadi 8. Maana yake weupe wa kipele unabaki kwenye leya ya chini, na ukingo wake unakwenda ya juu. Ili kukiondoa lazima ukiguse mara mbili. Healing Brush ya kawaida ingekimaliza kwa mguso mmoja. Udenda ni hivyohivyo, tena una hatari zaidi: ukilainisha leya ya chini karibu na mdomo, wekundu unasambaa na mdomo unapata ukungu kuuzunguka.

Inapong'ara ni kwenye manjano ya magamba. Hata baada ya kuondoa magamba, mara nyingi ngozi ya kichwa inabaki na rangi ya manjano yenye mafuta, na nywele zimepita juu yake kila mahali. Kwenye leya ya chini hakuna nywele za kuharibu. Weka leya mpya kati ya hizo mbili, hali yake iwe Color, chukua rangi ya ngozi safi ya karibu, na upake kwa brashi laini ya Opacity 10 hadi 15. Manjano yanatulia, nywele hazijaguswa hata mmoja. Usitumie Hue/Saturation kupunguza Yellows za picha nzima: ngozi ya kahawia ina manjano mengi ndani yake, na mtoto atageuka kijivu.

Kinachoharibika zaidi hapa ni wekundu usio sawa. Leya ya chini inakaribisha mkono: unalainisha shavu, halafu paji, halafu kope, na kila hatua inaonekana nzuri peke yake. Chembe zipo bado, kwa hiyo unajiaminisha kwamba ngozi ni halisi, kumbe rangi yote ya uhai imesawazishwa. Dalili yake ni kwamba uso una rangi moja huku masikio na vidole bado vina wekundu wa kichanga.

Njia hii inafaa mtu anayejua Photoshop vizuri, mwenye picha kubwa ya kuchapwa, na tatizo kubwa la rangi kichwani. Kwa simu haiwezekani kwa namna hii. Kwenye GIMP ipo zana ya karibu nayo iitwayo Wavelet Decompose.

Kuchagua kwa hali yako

Ikiwa tatizo ni vipele vichache na picha itaishia WhatsApp, simu inatosha, na tofauti ya njia nyingine haitaonekana baada ya picha kubanwa. Ikiwa picha itachapwa, tuseme sentimita 20 kwa 25 kwa dpi 300, hiyo ni karibu pikseli 2400 kwa 3000. Kiraka cha Healing ya simu kitaonekana, kwa hiyo nenda kwa mkono.

Ikiwa kuna udenda unaogusa mdomo, njia ya pili, na usitafute mkato. Ikiwa kuna magamba mazito, ondoa yale yanayong'aa kwa leya ya Darken, kisha tenganisha leya kwa ajili ya manjano tu na uiache ngozi ya uso kama ilivyo. Kwa picha nyingi za kikao kimoja, safisha vipele kwenye zote kwa haraka, na uweke kazi ya udenda na utosi kwa zile familia iliyozichagua.

Na ikiwa picha bado haijapigwa, kuna kitambaa kikavu cha pamba. Gusisha kidevu, usisugue, kwani wekundu wa kusugua utakuletea kazi nyingine. Mweleze mama asimpake mtoto mafuta ya nazi wala vaselini kichwani na usoni kabla ya kikao. Magamba yaliyopakwa mafuta yanarudisha mwanga wa dirisha kama udenda unavyofanya, na kila gamba linakuwa na doa lake jeupe kabisa lisilo na kitu ndani.